Somo la Meno la Mwalimu Baragumu

Watoto walimwita Mwalimu Baragumu, na wazazi wao pia, maana wengi wao aliwafundisha yeye mwenyewe. Hakulichukia jina hilo hata kidogo. Akisema "wewe wa nyuma" kule darasa la nne, wa nyuma wa darasa langu la tatu nao walikaa sawa. Madarasa yetu yanatenganishwa na ukuta usiofika juu. Matofali yaliisha kabla ya ukuta kuisha, tukaambiwa tuanze kufundisha hivyohivyo, yatakuja mengine. Mpaka leo tunayasubiri. Kwa hiyo masomo yake yote nimeyasikia, na kuna siku wanafunzi wangu walijibu maswali yake kabla ya wake.

Mimi wananiita Pilipili. Wanadhani sijui. Sina subira, nakubali, na mdomo wangu haujui kupita kimya mbele ya upuuzi. Yeye alikuwa kinyume changu. Alikuwa na sauti kubwa na moyo mpole, na mtoto akikosea, alilicheka kosa pamoja na mtoto mwenyewe mpaka likawa si aibu tena.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tulidhani mafua. Akanywa tangawizi, akanywa limau, akanywa kila kitu alichoelekezwa na kila mpita njia, maana mtu akiugua koo kila mtu anakuwa daktari. Ikazidi. Ikawa anaanza sentensi kwa sauti na kuimaliza kwa pumzi tu. Mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache, akamchukua wakaenda hospitali ya mjini. Huko daktari alimwingiza kamera kooni, akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akamwambia aongee kidogo, kwa sauti ya chini, asikaze. Na asidhani kunong'ona kwa kujikaza ni dawa, kwa sababu nako kunachosha koo. Akiendelea kupaza sauti kama zamani, inaweza isirudi kabisa.

Mwambie hivyo mwalimu mwenye watoto zaidi ya sabini darasani! Ni sawa na kumwambia mpishi apike bila moto.

Siku aliporudi tulikaa ofisi ya walimu, ile yenye meza mbili na kabati lisilofungwa. Mwalimu mkuu akasoma cheti cha daktari mara mbili, akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja kana kwamba kina mikunjo. Mkuu wetu si mtu mbaya. Ni mtu wa taratibu.

"Mwalimu, hii lazima niipeleke juu," akasema. "Afisa elimu atakuja kukuona ukifundisha. Akiona unaweza, unabaki. Akiona huwezi, watakutoa darasani. Mimi mikono yangu imefungwa."

"Atolewe aende wapi?" nikadakia.

"Popote watakapoona panafaa."

 Tulipotoka nje Baragumu akanishika mkono, akaniambia kwa kisauti kile kilichobaki, "Shoga yangu, mimi nje ya darasa ni nani?" Nikamwambia aache ujinga, yeye ni mke wa mtu na mama wa watu. Lakini nililijua swali lake. Watoto wake wa kuzaa walishakua, wametawanyika. Asubuhi yake ilikuwa ni lile darasa. Wapo watu ambao kwao kazi ni mshahara, na wapo ambao ukiwanyang'anya kazi hujui umebakiza nini.

Sasa kaka yake ana binti anayefundisha chuo cha ualimu mjini, msichana mwenye akili na heshima zake, ambaye shangazi yake ndiye aliyemfundisha kusoma. Habari zilipomfikia, hakutuma pole tupu. Alituma ujumbe mrefu kwenye simu. Baragumu alinipa niusome kwa sauti, maana yeye sauti ndiyo hiyo, nami nikausoma ofisini huku ananitazama usoni kama mtu anayesomewa majibu ya mtihani.

"Shangazi shikamoo. Pole sana na koo, nimesikia kwa baba. Nakushauri kitu, na vyote ni vya bure, asikudanganye mtu ukatoa hela. Kwanza pakua programu inayoitwa Kiwix. Ndani yake pakua Wikipedia ya Kiswahili, chagua ile yenye picha. Faili lake ni zito kidogo, basi njoo ulipakue hapa chuoni kwenye wifi. Ukishakuwa nalo, mtandao hutauhitaji tena, utasoma na kutazama hata ukiwa shambani. Pili, pakua Canva. Hiyo ni ya kupangia somo: ukurasa mmoja, picha moja, maneno machache makubwa. Hii inataka mtandao wakati unatengeneza. Vitu vyenye alama ya taji usivitumie, hivyo ni vya kulipia, vya bure vinatosha kabisa. Ukimaliza bonyeza pakua, uchague JPG, usichague PDF, kwa sababu runinga nyingi ukizichomekea fleshi zinafungua picha na video tu. Picha za kwenye simu utazihamishia kwenye fleshi kwa kile kiunganishi kidogo wanachokiita OTG, ninacho, nitakupa. Na picha ya mtu mwingine ukiitumia, andika chini umeitoa wapi. Shangazi, picha zitaongea, wewe utapumzisha koo. Mwanao."

Nikamaliza. Baragumu akaniambia, "Rudia hapo pa mwisho." Nikarudia.

"Ile runinga," akasema.

Ndiyo, tulikuwa na runinga. Ililetwa na wafadhili, ikapokewa kwa hotuba na vigelegele, tukapiga nayo picha, kisha mkuu akaifungia stoo akaivika kitambaa isipate vumbi. Umeme wa sola upo juu ya ofisi yake na unatosha kuiwasha, lakini kwa hesabu zake kitu kisichowashwa hakiharibiki. Nilikwenda kuiomba mimi. Mkuu akaanza, "Mwalimu, kile ni kifaa cha thamani..." Nikamwambia kifaa cha thamani kinachoangalia madebe ya rangi stooni hakina tofauti na debe la rangi. Akanuna kidogo, akatoa ufunguo.

Baragumu akaenda mjini, akarudi na simu imejaa vitu, fleshi, na kile kiunganishi kidogo amekifunga kwenye kona ya leso asikipoteze. Somo alilochagua lilikuwa meno: aina za meno na kazi zake. Ndilo lililokuwa limefikiwa kwenye mtaala, hakutaka kumdanganya afisa kwa somo la kuchagua.

Nisikufiche, nilidhani atakata tamaa. Kwenye Kiwix alipata makala ya meno, akayapiga picha ya skrini. Lakini Canva inataka mtandao, na mtandao kwetu unapatikana vizuri sehemu moja tu, pale karibu na tangi la maji, tena ukisimama upande wa mashine ya kusaga. Basi kila jioni ungemkuta pale, mtu mzima, amesimama anasogeza vidole kwenye kioo cha simu, na akina mama wa kusaga wanampita wakisema mwalimu siku hizi kapata mchumba. Yeye anacheka bila sauti. Alijifunza kukuza herufi. Alijifunza kuchora mshale mwekundu unaoelekea kwenye chonge. Siku moja alinionyesha ukurasa wenye mdomo wa mtoto umeachama, na juu yake maneno: MTAZAME JIRANI YAKO MDOMONI. Nikamuuliza, na kama jirani hajapiga mswaki? Akaniandikia mkononi kwa kidole: ndiyo somo lenyewe.

Picha ya meno ya mbuzi hakuipata ya kumridhisha, akaamua kuipiga mwenyewe. Hapo ndipo mumewe alipoingia kazini. Nilikuwepo. Fundi kamkumbatia mbuzi shingoni, kamwinua mdomo wa juu kwa vidole viwili, mbuzi analia kana kwamba anachinjwa, majirani wametoka kuuliza kuna sherehe gani, na Baragumu amepiga goti na simu yake, anaashiria, juu kidogo, juu kidogo. Picha ikatoka safi sana: meno ya mbele chini yapo, juu hakuna, ni ufizi mgumu tu. Fundi akajipangusa mate ya mbuzi akasema, "Mke wangu, kama ungebaki na sauti yako, ungewaambia tu kwamba mbuzi hana meno ya juu mbele, na mimi ningekuwa nimekaa." Tulicheka mpaka mbuzi naye akatutazama vibaya.

Tulifanya jaribio la kwanza watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani. Tuliiweka runinga juu ya meza darasani, tukavuta waya wa umeme kutoka ofisini, tukachomeka fleshi, nikashika rimoti. Picha ya kwanza ikaja: meno yote. Nikabonyeza mbele, ikaja picha ya kumi, ya kupiga mswaki. Nikabonyeza tena, ikaja ya kumi na moja, ya maswali. Kisha ndiyo ikaja ya pili. Nikaanza kuigombeza rimoti. Baragumu akatoa simu yake, akampigia binti wa kaka yake, akaiweka sauti wazi. Yule msichana akacheka, akasema runinga inapanga majina ya mafaili kwa herufi ya kwanza kwanza, kwa hiyo kumi inakuja kabla ya mbili. "Andika sifuri mbele, shangazi. Sifuri moja, sifuri mbili, mpaka sifuri tisa." Tukaandika upya. Zikakaa kwenye mstari kama watoto wa gwaride.

Nakumbuka alivyozitazama zikipita, moja baada ya nyingine, mikono ameikunja kifuani. Akaniambia, "Nitabaki." Nami nikasema, "Utabaki, nani wa kukutoa?" Tuliamini kabisa.

Afisa elimu akaja. Mwanamke wa makamo, mpole, viatu vya chini, mtu ambaye hata mimi nilikosa pa kumchukia. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto, akakaa nyuma ya darasa la nne kwenye kiti cha mkuu kilichohamishwa. Mkuu akakaa pembeni yake. Mimi nikawapa wangu kazi ya kunakili, nikawaambia atakayesikika atanijua, nikaja kukaa karibu na mlango kwa ajili ya rimoti.

Baragumu akasimama mbele. Hakuwa na kitu mkononi zaidi ya fimbo nyembamba ya kuonyeshea. Alikuwa ameshawazoesha watoto: akiinua kiganja, kimya, akikigeuza, ongeeni na jirani, akigusa sikio, mmoja ajibu. Siku za nyuma nilisikia ukuta wetu ukinyamaza na sikujua kinachoendelea. Sasa nikaona kwa macho yangu.

Ikaja picha ya meno yote, na maneno: HAYA YANAFANANA? Akageuza kiganja. Darasa zima likaanza mnong'ono, vichwa viwiliviwili. Akagusa sikio, binti mmoja akasimama: hayafanani, mengine yamechongoka. Akatabasamu, akaashiria kwangu. Picha ya pili, meno ya mbele, na kipande cha muhogo kilichoumwa. KAZI YAKE NINI? Kukata. Ya tatu, chonge, na pembeni yake mdomo wa paka. Kuchana. Magego, kusaga. Kisha ule ukurasa wa jirani. Sabini na ushee wakaachama midomo kwa pamoja, wakachunguliana kama wanaotafuta kitu kilichoanguka kisimani. Mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe gego lako limetoboka." Mwenzake akafunga mdomo haraka. Afisa akacheka peke yake kule nyuma.

Alipofika kwa mbuzi kukazuka ubishi. Mtoto mmoja wa mfugaji akasimama bila kuitwa, akasema mbuzi ana meno juu kama sisi, yeye amemshika mara nyingi. Mwingine akasema hana. Baragumu hakusema ndiyo wala siyo. Aliashiria picha, akagusa pale kwenye ufizi kwa fimbo, akainua mabega kama anayesema, tazameni wenyewe. Yule mtoto akatazama sana. Akasema, "Kumbe aliyokuwa ananiumia ni ya nyuma!" Darasa likaangua kicheko, kiganja kikainuka, kicheko kikakatika palepale.  Nimefundisha muda mrefu, sijawahi kuona kicheko cha watoto kikikatwa kwa mkono.

Somo likaisha. Sikumbuki kama alisema zaidi ya maneno machache, tena kwa sauti ya chini vilevile kama daktari alivyoagiza. Watoto waliandika, walichora, walijibu. Nilitoka pale nimevimba kichwa utadhani nimefundisha mimi. Nikamkonyeza. Akanikonyeza.

Tukaitwa ofisini kwa mkuu. Afisa alikuwa amesimama, hakukaa, mtu aliyefurahi kweli.

"Mwalimu, miaka yote ya ukaguzi sijaona kitu kama hiki," akasema. "Umetengeneza mwenyewe?"

Baragumu akaitikia kwa kichwa.

"Kwa programu za bure? Kwa simu hii?"

Akaitikia tena, uso unang'aa.

"Somo linajiendesha lenyewe! Mwalimu husemi, watoto wanaelewa. Unajua maana yake? Hili fleshi nikilipeleka shule nyingine yoyote, mwalimu yeyote analionyesha. Hata wa kujitolea anaweza. Kubonyeza tu." Akamgeukia mkuu. "Mtu huyu hatuwezi kumwacha apotee hapa. Tunamhamishia ofisini kwetu. Mtandao upo, kompyuta ipo, atatuandalia masomo ya picha ya shule zote. Na koo litapona. Hapa tumepata dawa ya mambo mawili kwa mara moja."

Mkuu akapiga makofi. Naapa, alipiga makofi. Mimi nikatazama upande wa Baragumu. Uso ulikuwa bado na lile tabasamu, lakini lilikuwa limesahaulika pale, hakuna mtu nyuma yake.

"Hapana," akasema.

Hakusikika. Mkuu alikuwa anaongea, afisa alikuwa anaongea, na nje watoto walikuwa wameshatoka mapumziko, wanapiga kelele. Akasema tena hapana, akakaza, nikaona mshipa wa shingo unasimama, ikatoka pumzi tupu. Afisa akamshika mkono kwa huruma. "Usijilazimishe kusema, mwalimu. Nimeona unyenyekevu wako. Hongera sana."

Nikashindwa. "Anakataa!" nikasema, kwa sauti ambayo hata yeye Baragumu enzi zake angeikubali. "Amesema hapana. Hataki kwenda. Alitengeneza hayo ili abaki!"

 Afisa akanitazama, hakukasirika, afadhali angekasirika. "Mwalimu," akasema polepole, "wewe ni rafiki yake?"

"Ndiyo."

"Umesoma hiki cheti?" Akakiinua kutoka mezani. "Sabini na ushee. Leo walinyamaza kwa sababu nilikuwepo na kwa sababu runinga ni mpya kwao. Mwezi ujao? Mvua ikipiga bati? Mtoto akianguka, wawili wakipigana, ataita kwa sauti gani? Unataka apige kelele moja ya mwisho, abaki hivi maisha yake yote? Niambie, na mimi nitaandika kwamba umesema wewe."

 Mimi Pilipili, ambaye sijawahi kukosa jibu, nilisimama pale nikilitafuta. Kila alichosema kilikuwa cha kweli. Nikamtazama mwenyewe, nikasema, "Sema basi. Andika. Kalamu hii hapa." Nikamsukumia kalamu na karatasi. Akaishika kalamu. Akakaa nayo. Akaandika neno moja, akaligeuzia upande wa afisa: WANANGU. Afisa akalisoma, macho yakamlegea, akasema, "Watakuwa wako wa shule zote sasa." Akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia kwenye mkoba wake kama kumbukumbu nzuri.

Ndivyo ilivyokwisha. Unaweza kupambana na mtu anayekudharau. Anayekusifu utamshika wapi?

Jioni nilikwenda nyumbani kwao. Fundi alikuwa anapiga randa ubao, akaacha. "Shemeji," akaniambia, "usinichukie, lakini mimi nimefurahi. Kila siku alikuwa anarudi na koo linavuja damu, anatema anaficha. Mimi nilikuwa naiona." Sikujua hilo la damu. Nilikaa kwenye kibao chake, nikashindwa hata kumlaumu. Ndani, Baragumu alikuwa anajibu simu ya yule binti wa kaka yake, aliyekuwa analia kwa furaha: hongera shangazi, nilikuambia, nilikuambia, chuo kizima nimewaambia! Shangazi anasema, "Asante, mwanangu." Angemwambia nini? Kwamba mawaidha yake yalikuwa mazuri kupita kiasi? Mtoto wa watu alitoa kilichokuwemo moyoni mwake, na kila alichoelekeza kilifanya kazi sawasawa.

Barua ya uhamisho haikuchelewa. Za namna hiyo huwa hazichelewi. Aliaga darasa lake kwa kiganja. Watoto walidhani anakwenda kutibiwa, kwa hiyo walimpungia mikono kwa furaha, na yeye hakuwasahihisha. Nilimsindikiza mpaka barabarani na begi lake. Nilitaka kumwambia jambo la maana, nikaishia kumwambia asisahau chaja.

Mwalimu mwingine hatukuletewa. Si masomo yanajiendesha yenyewe? Nikaongezewa darasa la nne juu ya la tatu: nawapa hawa kazi, nakimbilia wale, ukuta ule mfupi sasa ni rafiki yangu. Baadaye likaja fleshi kutoka ofisini, limeandikwa namba na somo: jinsi mbegu inavyoota. Wameweka utaratibu mzuri, siwezi kusema hapana. Kila somo linaanza na ukurasa wenye nembo ya ofisi, na picha ya mwalimu aliyeliandaa.

Nikalichomeka fleshi, nikashika rimoti, nikawaambia tulieni, leo tuna picha. Nikabonyeza. Runinga ikawaka, akatokea yeye. Amevaa blauzi mpya ya ofisini, nywele amezibana, anatabasamu, anatutazama sote.

Darasa zima likasimama. Sikuwaambia wasimame.

"Shikamoo mwalimu," wakasema kwa sauti ya chini, ile ndogo aliyowafundisha, wasimchoshe.

Wakasubiri. Picha ikaendelea kutabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa, kidole kwenye kitufe, ukurasa wa pili ulikuwa tayari, mbegu ya maharage kwenye pamba, wala sikuweza kukisogeza.

"Kaeni," nikasema.

Hakuna aliyekaa. Yule binti wa mstari wa mbele, aliyejibu kwamba meno mengine yamechongoka, akanigeukia kwa adabu zote, kama anayemkumbusha mtu mzima kitu alichosahau.

"Bado hajaitikia, mwalimu."

Nikasimama nao.